Hali Zinazojificha Ndani ya Mfumo

Mfumo wowote unaoendeshwa, uwe mota, tangi la maji au ndege, unaweza kuelezwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya nje: amri gani inaingia na kipimo gani kinatoka. Ya pili ni ya ndani: ni vitu gani vinabadilika humo kadiri muda unavyokwenda, na kimoja kinakisukumaje kingine. Vitu hivyo vya ndani, kama kasi ya mhimili, joto la koili au kina cha maji, huitwa hali za mfumo. Mara nyingi maelezo hayo mawili hulingana. Lakini ipo mifumo ambayo maelezo yake ya nje ni madogo kuliko yaliyomo ndani, na kile kilichoachwa ndicho kinachoweza kuharibu mashine.

Suala hili liliwekwa wazi na Rudolf Kalman, mhandisi aliyezaliwa Budapest mwaka 1930 na kufanya kazi Marekani. Katika kongamano la kimataifa la wataalamu wa udhibiti lililofanyika Moscow mwaka 1960, Kalman alieleza maswali mawili ambayo kila mfumo unapaswa kuulizwa. La kwanza: je, kwa kuchagua amri vizuri, hali zote za ndani zinaweza kupelekwa popote panapotakiwa? Hali inayokubali hivyo inadhibitika. La pili: je, kwa kutazama kipimo cha nje kwa muda fulani, huku amri ikijulikana, inawezekana kukokotoa hali zote zilikuwa wapi mwanzoni? Hali inayokubali hivyo inaonekana.

Mwaka 1963, Kalman na Elmer Gilbert wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha makala zao katika jarida moja, na jibu likakamilika. Kila mfumo wa mstari, yaani ule ambao amri ikizidishwa mara mbili mwitikio nao huzidi mara mbili, unaweza kupasuliwa katika sehemu nne. Ipo inayodhibitika na kuonekana, ipo inayodhibitika bila kuonekana, ipo inayoonekana bila kudhibitika, na ipo isiyodhibitika wala kuonekana. Mfumo fulani unaweza kukosa baadhi ya sehemu hizo. Jambo la msingi ni kwamba uhusiano kati ya amri na kipimo hupita katika sehemu ya kwanza peke yake. Zile tatu zikifutwa, mtu anayepima kwa nje, akianza na mfumo uliotulia kabisa, hatagundua tofauti yoyote. Kinachobaki baada ya kufuta huitwa uwakilishi mdogo kabisa wa mfumo. Idadi ya hali zake haiwezi kupunguzwa tena, na wataalamu wawili wakiutafuta kwa njia tofauti watapata mfumo uleule, ila majina ya hali na vipimo vyake ndivyo vitakavyotofautiana.

Mfano mdogo wa namba unatosha kuonyesha jinsi upasuaji huo unavyofanyika. Tuseme kuna mashine isiyotulia: ikisogea kidogo tu kutoka mahali pake, inazidi kusogea yenyewe. Mpira wa chuma ulioning'inizwa hewani kwa sumaku una tabia hiyo. Katika lugha ya wahandisi, mashine hiyo inaandikwa 1/(s − 1), na ile s − 1 iliyo chini ya sehemu ndiyo alama ya ukorofi wake. Mtu aliyezoea kurahisisha sehemu shuleni anaona dawa mara moja: aweke mbele ya mashine kifaa chenye (s − 1)/(s + 1). Vikizidishwa, s − 1 ya juu inakata s − 1 ya chini, na kinachobaki ni 1/(s + 1), mfumo mtulivu kabisa. Kwenye karatasi, tatizo limekwisha.

Sasa mfumo huohuo uandikwe kwa hali zake. Hali ya kifaa iwe x1, hali ya mashine iwe x2, amri iwe u na kipimo kiwe y. Alama ya ' inaonyesha kasi ya kubadilika kwa kila sekunde.

```
x1' = -x1 + u
x2' = -2·x1 + x2 + u
y   = x2
```

Kuuliza kama hali zinadhibitika ni kufuatilia amri inafika wapi. Inapoingia, amri inazigusa hali zote mbili kwa kiasi sawa: 1 kwa x1 na 1 kwa x2. Kisha mguso huo unapitishwa ndani ya milinganyo ili kuona unazaa nini: x1 inapata −1, na x2 inapata −2 + 1, yaani −1. Jozi hizi mbili zikipangwa kama safu wima za jedwali moja, linapatikana jedwali la udhibiti:

```
1   -1
1   -1
```

Safu ya pili ni ile ya kwanza iliyogeuzwa alama tu; haileti mwelekeo mpya. Jedwali lenye safu mbili lina mwelekeo mmoja, kwa hiyo amri inaweza kuzisukuma x1 na x2 kwa pamoja na kwa kiasi sawa, lakini haiwezi kuzitenganisha hata kidogo. Hapo ndipo panapoonyesha hali iliyojificha iko wapi: ni tofauti kati ya hizo mbili. Ipewe jina z = x2 − x1. Mlinganyo wa pili ukitolewa ule wa kwanza, u inajifuta na kinachobaki ni hiki:

```
z' = z
```

Mlinganyo huo mfupi ndio kiini cha mambo yote haya. Ukorofi wa mashine haukufutwa. Umehamia kwenye z, mahali ambapo amri haifiki. Kwa kuwa y = x1 + z, kipimo kinauona waziwazi, basi z imo katika sehemu inayoonekana bila kudhibitika. Sehemu inayodhibitika na kuonekana ni x1 peke yake, na uwakilishi mdogo kabisa una hali moja tu: x1' = −x1 + u, y = x1. Huo hasa ndio 1/(s + 1) ya kwenye karatasi. Hesabu ya kukata haikukosea. Ilichofanya ni kueleza sehemu moja ya mfumo na kunyamazia nyingine.

Mashine ikianza na z ikiwa sifuri kamili, hakuna kinachotokea. Lakini hakuna mashine inayoanza na sifuri kamili. Mtikisiko mdogo ukiifanya z iwe 0.001, suluhisho la z' = z linaikuza kwa mara 2.718 kila sekunde. Baada ya sekunde 7 imefika karibu 1.1, na baada ya sekunde 10 ni 22. Opereta anaona kipimo kikikimbia, anaongeza amri, anapunguza, na hakuna amri yoyote inayosaidia.

Vifaa hivyohivyo vikipangwa kinyume, mashine ikitangulia na kifaa kikafuata, zao la sehemu ni lilelile 1/(s + 1), lakini hatari inabadilika sura. Hali ya mashine iwe p na ya kifaa q:

```
p' = p + u
q' = p - q
y  = p - 2·q
```

Safari hii amri inafika kila mahali. Tatizo liko upande wa kutazama. Kipimo kinaona p kwa uzito 1 na q kwa uzito −2. Kasi ya kipimo hicho, mchango wa amri ukiwekwa kando, inaziona kwa uzito −1 na 2, yaani picha ileile iliyogeuzwa alama. Kutazama kwa muda mrefu zaidi hakuongezi habari. Ikiwa amri ni 1 muda wote na mfumo ulianza umetulia, baada ya sekunde 5 kipimo kinaonyesha 0.993 na kinaelekea 1 kwa utulivu. Wakati huohuo, p ndani ya mashine imefika 147. Hali hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hakuna dalili yoyote kwenye skrini mpaka kitu kikatike au kiungue.

Si kila kilichojificha ni cha kuogopwa. Tuseme matangi mawili yanayofanana yanajazwa na bomba moja linalogawanyika sawa, na mita inapima jumla ya maji yanayotoka kwenye yote mawili. Tofauti ya vina vyao haiguswi na bomba wala haionekani kwenye mita, kwa hiyo iko katika sehemu ya nne. Hata hivyo, tangi lenye maji mengi hutoa maji kwa kasi zaidi, na tofauti hiyo hupungua yenyewe hadi kwisha. Sehemu ya namna hii inaweza kufutwa kwenye hesabu bila wasiwasi. Kabla ya kufuta hali yoyote, basi, swali la kuuliza ni kama inafifia au inakua ikiachwa peke yake.

Kompyuta huongeza ugumu wake. Namba za mashine halisi hazijulikani kikamilifu, na kukata kamili hakupatikani kamwe. Kifaa cha kwanza kikitengenezwa na 1.001 mahali pa 1 upande wa juu, pembe ya chini ya jedwali la udhibiti inakuwa −1.001 badala ya −1. Kinadharia sasa hali zote zinadhibitika, na mtu anayesoma jibu la ndiyo au hapana atatulia. Lakini determinanti ya jedwali ni −0.001 tu, udhibiti huo ni wa jina. Zaidi ya hayo, amri yenyewe sasa inaamsha ukorofi: amri ya 1 inaingiza kwenye kipimo kipande cha ukubwa wa 0.0005 kinachokua kila sekunde, na kwa sekunde 7.6 kinafika 1. Programu zenye amri ya `minreal`, inayotafuta uwakilishi mdogo kabisa, hutumia kiwango cha uvumilivu kuamua namba mbili zikaribiane kiasi gani ndipo zikatwe. Mtumiaji akikiweka 0.01, programu itakata 1.001 na 1 kana kwamba ni sawa, na itamrudishia mfumo mtulivu usiolingana na ule ulioko karakanani.

Dawa ya kweli ni kurudisha kipimo kwenye amri. Mashine ileile, x2' = x2 + v, ikipewa v = u − 2·x2, inakuwa x2' = −x2 + u. Kwa nje ni 1/(s + 1) ileile iliyotafutwa tangu mwanzo, lakini sasa mfumo mzima una hali moja, na hali hiyo inadhibitika na kuonekana. Na kama namba ya mashine kwa kweli ni 1.001, matokeo yake ni x2' = −0.999·x2 + u, ambayo bado inatulia.