Usaili wa kujitolea: Jopo hupima hesabu, si huruma pekee

BAADA ya Marekani kusitisha misaada yake ya kigeni Januari 2025, mashirika mengi yasiyo ya kiserikali nchini yalilazimika kupunguza wafanyakazi na kutegemea zaidi watu wa kujitolea. Hata hivyo, kujitolea hakumaanishi kupokewa bila kuulizwa maswali. Anayetaka nafasi hiyo huketi mbele ya jopo, na aghalabu huangushwa na jibu alilolidhani kuwa zuri kuliko yote.

Swali la kwanza huwa ni kwa nini anataka kazi hiyo. Wengi hujibu kwamba wanapenda kusaidia wanyonge. Jopo halina la kufanya na jibu hilo, kwa kuwa kila aliyetangulia amelitoa. Kinachosikilizwa ni tendo moja lililokwisha kufanyika: lilifanyika wapi, lilichukua muda gani, na mhusika aliacha nini ili alitekeleze. Kijana aliyemfundisha mtoto wa jirani kusoma kila Jumamosi kwa miezi minne ana ushahidi ambao maneno matamu hayawezi kuushinda.

Swali la pili ndilo gumu. Tuseme shirika dogo katika Kaunti ya Kilifi linatafuta msimamizi wa darasa la kusoma baada ya masomo. Jopo linamwambia msailiwa: "Una watoto 40 wa darasa la tatu wasioweza kusoma, wiki sita na Sh6,000. Utafanya nini?"

Msailiwa hodari huanza kwa kutaja vitu visivyohitaji kununuliwa. Chumba ataomba kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu. Vitabu vya kusomea ataazima papo hapo shuleni. Kisha anafungua hesabu. Daftari 40 kwa Sh25 ni Sh1,000. Karatasi za manila 20 kwa Sh30 ni Sh600, na chaki pamoja na kalamu za wino mzito ni Sh400. Nauli ya vijana wawili watakaofundisha, kila mmoja Sh200 kwa wiki, ni Sh2,400, na bodaboda ya msimamizi mara moja kwa wiki ni Sh1,200. Jumla ni Sh5,600. Sh400 zilizosalia ni akiba.

Hapo jopo humtega: "Na nusu ya fedha isipofika?"

Asiyejiandaa hujibu kwamba atajaza pengo kutoka mfukoni mwake. Jibu hilo lasikika kama moyo wa ukarimu, lakini wasaili wazoefu hulihofia. Gharama iliyolipwa kutoka mfukoni haionekani vitabuni, hivyo mwaka unaofuata mradi hutengewa fedha pungufu vilevile. Isitoshe, mfuko ukikauka, aliyejitolea ama huacha kazi kimyakimya au huanza kujirudishia fedha kwa njia zisizofaa.

Jibu lenye uzito ni lile linaloonyesha kitakachoachwa. Kwa Sh3,000, msailiwa wetu angechukua watoto 20 badala ya 40, akabaki na kijana mmoja, na ziara zake zikawa moja kila wiki mbili. Gharama ingekuwa Sh2,800. Asichopunguza ni siku za masomo, kwa maana mtoto anayejifunza silabi huzisahau asipozirudia mara kwa mara. Kuwafundisha watoto 20 hadi wasome ni bora kuliko kuwagusagusa 40.

Jopo pia litataka kujua ataonyeshaje kuwa fedha zimefanya kazi. Njia rahisi ni kumsomesha kila mtoto siku ya kwanza na ya mwisho kwa ngazi nne zilizozoeleka katika upimaji wa mradi wa Uwezo, yaani silabi, maneno, aya na hadithi, kisha kuandika kila mmoja alipoanzia na alipofika. Kuhusu matumizi, duka la kijijini huenda lisiwe na stakabadhi. Basi huandikwa karatasi ya malipo yenye tarehe, bidhaa, kiasi na sahihi ya muuzaji, au huhifadhiwa ujumbe wa M-Pesa, huku ada ya kutoa pesa ikiingizwa hesabuni.

Mwishoni, msailiwa hupewa nafasi ya kuuliza. Wengi huona haya kuuliza kuhusu nauli yao wenyewe wakihofia kuonekana wenye tamaa. Kumbe ndilo swali lenye busara. Anayetumia Sh100 kwenda na kurudi, siku tatu kwa wiki, anahitaji takriban Sh1,200 kwa mwezi. Asipojua zitatoka wapi, huenda mwezi wa tatu asionekane, na watoto wakabaki mlangoni wakimngoja. Kupanga ni kuchagua, na anayeshindwa kupanga nauli yake atakabidhiwa vipi Sh6,000 za wengine?