HDR Inapopausha Picha

Unawasha HDR kwenye Windows 11, na papo hapo nyeusi inakuwa kijivu na rangi zinafifia. Wengi hulaumu kadi ya michoro, lakini kadi haihusiki sana: kwa kawaida HDR hupunguza fremu chache mno. Gharama kubwa zaidi iko kwenye waya. Rangi za biti 10 zinahitaji data zaidi kwa robo kuliko za biti 8, hivyo monita ya 4K inayotumia DisplayPort 1.4 bila ubanaji wa DSC hushuka kutoka hetsi 120 hadi karibu 98.

Kupauka kuna chanzo kingine. Madirisha na picha za kawaida hazikutengenezwa kwa HDR, kwa hiyo Windows huamua yenyewe mwangaza wake. Fungua System, Display, HDR, kisha sogeza kitelezi cha SDR content brightness mpaka ukurasa mweupe ufanane na ulivyokuwa awali. Baada ya hapo endesha programu ya Windows HDR Calibration, ndipo urekebishe mwangaza wa juu ndani ya gemu.

Kama gemu yenyewe ya HDR bado ina weusi wa kijivu usiku, tatizo ni kioo. Alama ya DisplayHDR 400 hailazimishi taa za nyuma kupunguzwa sehemu kwa sehemu, hivyo mwezi mmoja unaong'aa huinua mwanga wa kioo kizima. Hakuna mpangilio utakaoponya hilo. Kwa monita kama hiyo, bonyeza Win + Alt + B, uzime HDR na ucheze.