Kuku wa Shamba Asiye na Mabawa

Picha iliingia saa saba na robo mchana. Guangzhou, kusini mwa China, ilikuwa tayari saa kumi na mbili na robo jioni. Aliyeituma ni mama mmoja wa Kariakoo, muuza viatu, ambaye kila mwaka huenda huko kufunga mzigo. Ilikuwa picha ya sahani iliyoliwa nusu, na chini yake ujumbe: "Mwanangu, kuku huyu mabawa yake yako wapi?"

Nilisoma na kuishi Guangzhou miaka kadhaa, na tangu nirudi Dar nimekuwa mkalimani wa jikoni wa wafanyabiashara hawa. Wananitumia picha za menyu kwa WeChat, maana WhatsApp huko haifunguki kirahisi. Nikamwomba anipigie picha ya menyu aliyoagizia. Ikaja, na mstari alioutia alama ulikuwa huu: 田鸡. Herufi ya kwanza ni shamba, hasa shamba la mpunga. Ya pili ni kuku. Programu ya simu yake ilimwandikia "kuku wa shamba", na Mswahili gani atasoma hivyo asiwaze kuku wa kienyeji?

Ni chura. Watu wa jimbo la Guangdong humwita hivyo kwa kuwa anaishi kwenye majaruba ya mpunga na nyama yake ni nyeupe na laini kama ya kuku. Kilichonisikitisha ni mstari wa tatu kutoka hapo, 土鸡, ambao simu iliuandika "kuku wa udongo". Mama aliuruka kwa sababu ulimtia kinyaa. Na huyo wa udongo ndiye kuku wa kienyeji mwenyewe.

Nilimwambia ukweli. Kimya kikapita, kisha akaandika: "Astaghfirullah. Wewe ni shahidi wangu, sikujua."

Simu haikukosea neno hata moja. Ilitafsiri herufi zilizokuwa mbele yake, na jina la chakula mara nyingi halisemi kilichomo ndani yake. Sisi wenyewe tuna chipsi mayai zege, na hakuna fundi aliyechanganya saruji humo. Kwa hiyo nikitafsiri menyu sianzi na jina. Naanza na sufuria: ni nyama gani, imepikwaje, na huyu aliyenitumia picha anaweza kuila? Nikishajua hayo ndipo naamua jina lenyewe nilifanye nini.

Chukua chakula kinachopatikana karibu kila mgahawa wa Guangzhou: 干炒牛河. Simu ikisoma neno kwa neno inakupa "mto wa ng'ombe wa kukaanga kavu". Mto umetoka wapi? Umetoka Shahe, mji mdogo wa zamani ambao sasa ni sehemu ya Guangzhou yenyewe, uliosifika kwa tambi pana za mchele. Huko unga wa mchele hukorogwa na maji, humwagwa mwembamba kwenye sinia, hupikwa kwa mvuke, kisha hukatwa mikanda yenye upana wa kidole hivi. Jina la mji huo lina herufi ya mto ndani yake, na wenyeji wamelifupisha mpaka limebaki mto peke yake. Mpishi akisikia "mto wa ng'ombe" anajua ni tambi za Shahe kwa nyama ya ng'ombe. Hilo la "kavu" maana yake ni kwamba hazina rojo.

Ukimpa msafiri tafsiri ya mto, umempotosha. Ukimwandikia "tambi za ng'ombe", ataelewa, lakini akimtamkia mhudumu hatasaidika, na kwenye menyu hiyohiyo pengine kuna tambi za ng'ombe za aina nne. Hapa jina linabaki lilivyo, na maelezo yanafuata. Mama alipata hivi:

Ganchau niuhe. Tambi pana za mchele, zimekaangwa na nyama ya ng'ombe na machipukizi ya choroko. Hazina mchuzi.

Jina naliandika kwa namna ambayo Mswahili akilisoma kwa sauti atakaribia. Wachina wana maandishi yao ya herufi za Kilatini, lakini humo q husomwa karibu na "ch" yetu, na x karibu na "sh", na msomaji wetu hana kwa kujua. Hata hivyo nawaambia wasitegemee ulimi. Kichina kina toni, na neno moja likipandishwa badala ya kushushwa huwa neno jingine. Kwa hiyo kando ya kila jina naacha herufi za Kichina zilezile za kwenye picha, na namba ya chakula kama menyu ina namba. Mhudumu anaoneshwa kwa kidole, na wewe unasoma Kiswahili. Tafsiri iliyofuta herufi za asili haina kazi mezani.

Lakini si kila jina la kuachwa. Kuna 芋头, ambayo wengine wangeiandika "yutou, mzizi wa wanga wa nchi za joto". Hilo ni gimbi! Mtu aliyekula magimbi ya nazi tangu utotoni huna haja ya kumtungia maelezo. Andika "magimbi" na uendelee. Bamia ni bamia na mchicha ni mchicha, na yote mawili wanayo.

Shida huja pale ambapo tuna neno lakini chakula kinatofautiana kidogo. Wana uji wa mchele, na hakuna ubaya kuuita uji. Ila wao huutia chumvi na nyama, na menyu nyingi zina ule wa nyama ya nguruwe na mayai yaliyohifadhiwa mpaka yakageuka meusi. Ukiandika "uji" ukanyamaza, mtu ataagiza akitegemea sukari. Hapo naandika "uji wa mchele wa chumvi" na kutaja kilichomo. Ni maneno mawili matatu tu, lakini ndiyo yanayozuia sahani kurudishwa jikoni.

Vilevile sipendi ile njia ya mkato ya kubandika jina letu juu ya chakula chao. Nimeona watu wakiandika jiaodzi kuwa ni "sambusa". Ni kinyunya cha unga wa ngano kilichofungwa nyama au mboga, na kwa kawaida huchemshwa. Kusema "kimefungwa kama sambusa lakini kinachemshwa" ni maelezo mazuri. Kusema ni sambusa ni uongo wa adabu. Serikali ya mji wa Beijing ilikutana na swali hilohilo ilipoandaa orodha ya majina ya vyakula kwa Kiingereza kabla ya Olimpiki ya 2008. Kabla ya hapo wageni walikuwa wakisoma kwenye menyu maajabu kama kuku ambaye hajawahi kulala na dume, kumbe ni kuku mchanga tu. Vyakula vingine walivitaja kwa kitoweo na namna ya mapishi, lakini jiaodzi na wenzake waliwaacha na majina yao.

Sasa jambo ambalo kwa wasafiri wetu wengi ni zito kuliko tambi. Herufi 肉 maana yake ni nyama, na simu itakuandikia "nyama", na itakuwa sahihi. Lakini kwenye menyu ya China, nyama isiyotajwa mnyama ni ya nguruwe. Ya ng'ombe itaitwa nyama ya ng'ombe, ya kondoo itaitwa ya kondoo. Ikisimama peke yake, ni nguruwe. Hivyo hivyo mbavu zisizotajwa ni za nani. Kuna chakula cha Sichuan kiitwacho yushiang rousi, ambacho simu hukitafsiri "nyuzi za nyama zenye harufu ya samaki". Mtu anawaza: samaki, salama. Hakuna samaki humo. Ni pilipili ya kusindika, tangawizi, kitunguu saumu, sukari na siki, viungo ambavyo Sichuan huhusishwa na upishi wa samaki, na nyama yenyewe ni nguruwe iliyokatwa nyembamba. Nikiona 肉 imesimama peke yake naandika "nguruwe" waziwazi, hata kama neno hilo halimo kwenye picha.

Na hapo ndipo uwezo wangu unapoishia. Menyu haitaji mafuta, na mpishi anaweza kukaanga mboga kwa mafuta ya nguruwe. Haitaji pombe ya mchele inayotiwa kidogo kwenye nyama kuondoa shombo. Kwa anayetaka halali, kutafsiri mistari hakutoshi. Atafute mlangoni herufi hizi mbili, 清真, chingjen, ambazo ndizo alama ya migahawa ya Kiislamu. Mara nyingi ubao wake ni wa kijani, na eneo la Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi, migahawa hiyo ipo.

Kuhusu picha zenyewe, nina machache. Menyu nyingi zina plastiki juu, na taa ya dari huacha doa jeupe katikati ya mstari. Zima mwanga wa simu, sogea pembeni kidogo, piga ukurasa mmoja mmoja, na usikate safu ya bei. Programu nayo huchanganya herufi zinazofanana: 干, kavu, na 千, elfu, zinatofautiana kwa mkwaju mmoja wa juu, ambao kwenye ile ya pili umelala mshazari. Ukiona "elfu" katikati ya jina la chakula, huenda ni doa la taa tu.

Bei nayo isomwe na kipimo chake. Samaki na kamba mara nyingi huuzwa kwa jin, ambayo ni gramu 500, na si kwa sahani. Samaki wa kilo moja na nusu aliyeandikwa yuani 68 kwa jin atakugharimu yuani 204. Na ukikuta 时价 mahali pa bei, maana yake ni bei ya siku hiyo. Uliza kwanza, samaki akiwa bado yuko kwenye tangi.

Yule mama alirudi salama na viatu vyake, na siku hizi kabla hajaondoka hunipigia kuniuliza kama kuku wa udongo bado ni yule yule. Maonyesho makubwa ya Guangzhou hufanyika kila Aprili na Oktoba, na simu yangu haizimwi miezi hiyo. Ombi langu kwenu wasafiri ni moja: nitumieni picha ya menyu, msinitumie ya sahani.