Radi na Transfoma ya Nguzoni (Sehemu ya 3): Mita Tatu za Waya

Juma lililopita tuliliacha wimbi la radi likikimbia juu ya laini ya kilovolti 11 kuelekea transfoma. Leo tuitazame aresta, ile nguzo fupi ya kijivu yenye visahani inayopaswa kusimama jirani na kila bushingi ya laini hiyo. Wengi huiita kizuia radi, ingawa radi haizuiliki. Ndani yake mna vidonge vya oksidi ya zinki ambavyo siku za kawaida havipitishi umeme wowote wa maana. Volti zikipanda ghafla, vidonge hufungua njia ya kwenda ardhini, kisha hujifunga vyenyewe mara tu wimbi linapopita.

Anayekwenda kuinunua hana budi kuijua kwanza laini yake. Laini ya kilovolti 11 huweza kufikia 12 kati ya waya na waya, yaani takriban 6.9 kati ya waya na ardhi. Waya mmoja ukianguka chini, volti za zile mbili zilizobaki hupanda. Ikiwa nyutro ya kituo imefungwa ardhini moja kwa moja, hupanda hadi kama kilovolti 9.7, na laini hukatwa baada ya sekunde chache. Hapo aresta iliyokadiriwa kilovolti 12 inatosha. Ikiwa nyutro haikufungwa ardhini, waya hizo hubeba kilovolti 12 kamili, pengine kwa saa nzima, na aresta ileile itachemka mpaka ipasuke. Huko chukua ya 15. Kuchukua kubwa kuliko inavyohitajika nako kuna gharama yake, kwa kuwa kadiri aresta ilivyo kubwa ndivyo inavyoachia volti nyingi zaidi ziifikie transfoma.

Ya kilovolti 12, ikipitisha ampea elfu 10 za radi, huacha takriban kilovolti 40 kati ya ncha zake mbili. Transfoma nyingi za laini hii zimepimwa kiwandani kuhimili pigo la kilovolti 75. Kwa hesabu hiyo, nafasi iliyobaki ni kubwa. Basi kwa nini transfoma zenye aresta nzima bado zinaungua?

Jibu nililiona kwenye nguzo moja mkoani Kagera. Aresta zilikuwa zimefungwa juu kwenye mkono wa nguzo, kabla ya fyuzi. Kutoka laini hadi aresta, na kutoka aresta hadi kwenye tangi la transfoma, nilipima karibu mita tatu za waya, tena umekunjwa vizuri kama kamba ya meli. Kwa umeme wa kawaida mita tatu si kitu. Radi inayopanda ampea elfu 10 ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde huacha takriban kilovolti 10 katika kila mita ya waya. Kwa hiyo transfoma haikuona 40, iliona 70, na kiwango chake ni 75. Mafuta yakishachakaa au yakiingia unyevu, hata hizo tano hazipo.

Aresta hiyohiyo ikihamishiwa kwenye mabano ya tangi, jirani na bushingi, waya wote huwa nusu mita, na transfoma huona 45.

Kuna kosa baya zaidi, nalo ni kuipa aresta fimbo yake ya ardhini bila kuiunganisha na tangi. Ardhi yenye ukinzani wa omu 10, ikipokea ampea elfu 10, hupanda kilovolti 100, na zote huongezeka juu ya zile 40. Waya wa chini wa aresta lazima ufike kwenye tangi kwanza, ndipo uteremke ardhini.

Mafundi walioiweka aresta juu hawakufanya hivyo kwa uzembe. Ikikaa kwenye tangi, umeme wa radi hupita ndani ya fyuzi, na fyuzi ndogo ya transfoma ya kVA 50 hukatika kila mvua kubwa. Hata hivyo, ningechagua fyuzi nzito kidogo inayokawia kuyeyuka, maana fyuzi hubadilishwa kwa dakika chache, koili haibadilishwi hivyo.

Baada ya radi, tazama chini ya kila aresta. Waya wa ardhini ukiwa unaning'inia peke yake, ujue kikatishi kimeitenga aresta iliyokufa ili laini iendelee kufanya kazi. Umeme upo, taa zinawaka, na transfoma iko uchi. Na iliyoungua ikifunguliwa, angalia mizunguko ya kwanza ya koili karibu na bushingi. Ikiwa hiyo ndiyo iliyopasuka na ya ndani ni mizima, kuna uwezekano mkubwa kwamba wimbi liliingia kutoka laini ya juu.

Lakini tangi linapopanda kilovolti 100 pamoja na ardhi yake, nyutro ya volti 400 inayokwenda majumbani hupatwa na nini? Tutaanzia hapo juma lijalo.