"Mama, jifanye wewe ni mtu"

Saa kumi na mbili jioni, mama yuko jikoni anachambua mchele. Mwanawe wa miaka sita, wa darasa la kwanza, anasimama mlangoni na begi mgongoni, ingawa alitoka shule tangu mchana. "Mama, jifanye wewe ni mtu," anasema. Basi. Hataji mtu gani wala mahali.

Hapa wazazi wengi huteleza. Kuna anayejibu, "Niache kwanza, nina kazi." Na kuna yule mwenye nia njema, anayegeuza sauti papo hapo akawa simba au bibi kizee. Mtoto hucheka kidogo, kisha huondoka, kwa kuwa huo si mchezo aliouleta. Wake alishauanza kichwani, na anadhani mama naye anauona.

Kinachohitajika ni maswali matatu, tena ya polepole: mimi ni nani, tuko wapi, na ninataka nini?

Mama huyu aliuliza la kwanza bila kuacha ungo. "Mtu gani, baba?"

"Konda."

"Haya, mimi konda. Gari langu liko wapi?"

"Kituoni, asubuhi. Hapa ndiyo mlango." Akaburuta kigoda.

"Sasa konda anataka nini?"

Mtoto akanyamaza kidogo. "Anataka watu wazima tu. Mimi mwanafunzi ananikataa."

Swali hilo la tatu ndilo wazazi husahau, nalo ndilo lenye uzito. Konda asiye na anachotaka ni mtu wa kupiga kelele tu, na mchezo hufa baada ya dakika mbili. Konda anayetaka watu wazima ana la kufanya, na mwanafunzi naye ana la kujibu.

Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky alilieleza jambo hili katika mhadhara alioutoa Leningrad mwaka 1933. Alisema hakuna mchezo wa kuigiza usio na kanuni, hata kama hakuna aliyezitamka, kwa sababu kanuni zimo ndani ya nafasi yenyewe. Alitoa mfano wa ndugu wawili wa kike, wa miaka mitano na saba, walioamua kucheza "udada". Walikuwa dada kweli, lakini ndani ya mchezo walianza kushikana mikono na kuvaa sawasawa, mambo ambayo kwa kawaida mtoto hayafikirii. Walimu wa awali wanaofuata mawazo yake huko Marekani humtaka mtoto aseme, au achore, atakuwa nani kabla ya kuanza kucheza.

Maswali haya yana mipaka. Mtoto wa miaka miwili anayekupa kikombe kitupu unywe hawezi kukueleza konda anataka nini, wala usimuulize. Pokea, kunywa, sema kimepoa. Wa miaka mitatu mpe chaguo mbili: "Tuko dukani au hospitali?" Na kwa umri wowote, ukiona majibu yamekuwa "sijui, sijui", ujue umegeuka mwalimu wa zamu. Acha kuuliza, shika kitu kilicho karibu, usubiri akuelekeze. Kosa jingine ni kuingiza somo: "Konda, nauli mia tano ukitoa mia mbili inabaki ngapi?" Hapo mtoto atakumbuka ana kiu.

Jikoni, mama alizuia mlango kwa mkono. "Wanafunzi wametosha!" Mtoto akasema nauli anayo, akafungua kiganja kuonyesha. Konda akakataa. Walirudia mara tatu, kila mara kwa maneno yaleyale, na mama alitamani kumpandisha ili yaishe. Hakufanya hivyo, kwa kuwa aliambiwa wazi konda anataka nini. Mara ya nne mtoto akabadili: "Sasa mimi konda, wewe mwanafunzi." Akasimama juu ya kigoda, akamtazama mama yake kwa muda, akasema, "Panda. Kaa pale mbele."

Je, amekuwa akiachwa kituoni? Mchezo si ushahidi. Huenda alimwona mwenzake akisukumwa, na watoto huigiza ya wengine kama yao. Kumbana palepale ndani ya mchezo, "Ni konda gani? Lini?", kungemfunga mdomo.

Mama alingoja hadi wakati wa kula, akauliza mara moja tu: "Asubuhi huwa unapanda gari la ngapi?"

"La tatu," mtoto akasema, akiendelea na wali wake. "Siku nyingine la nne."

Kesho yake mama alitoka naye saa kumi na moja na nusu, wakapita kwa jirani kumchukua binti wa darasa la sita anayesoma shule hiyohiyo, wakaenda kituoni watatu.