Kosa Linalorudi Nyuma

Chukua mtandao wa neva mdogo kabisa: seli moja yenye kumbukumbu moja. Kila hatua, seli hiyo huizidisha kumbukumbu ya hatua iliyopita kwa uzito mmoja, tuuite w, kisha huongeza namba inayoingia. Tuseme w ni 0.5, kumbukumbu inaanza na sifuri, na namba zinazoingia ni 1, 0, 0. Kumbukumbu itakuwa 1, kisha 0.5, kisha 0.25. Lakini tulitaka hatua ya tatu itoe 1. Kosa ni 0.25 toa 1, yaani −0.75.

Turekebishe w kwa kiasi gani? Uzito ni mmoja, lakini umetumika mara tatu, na kila mara unaweza kuwa umechangia kosa. Basi tunaukunjua mtandao kama mkeka: hatua tatu zinakuwa seli tatu safuni, zote zina w uleule. Kisha tunaanzia mwisho na kurudi.

Hatua ya tatu, w ulizidisha 0.5. Lawama yake ni −0.75 × 0.5, yaani −0.375. Kosa likirudi hatua ya pili linapitia w, linapungua kuwa −0.375, pale w ulizidisha 1, kwa hiyo lawama ni −0.375 tena. Hatua ya kwanza ulizidisha sifuri, hauna lawama. Jumla ni −0.75. Tukiusogeza w upande wa pili kwa sehemu ya kumi ya jumla hiyo, unakuwa 0.575, na hatua ya tatu sasa inatoa karibu 0.33. Bado ni mbali na 1, lakini mwelekeo ni sahihi.

Hatua tatu hazina gharama. Zikiwa elfu kumi, kumbukumbu zote elfu kumi lazima zihifadhiwe hadi kosa lirudi, na kwa mtandao mkubwa kompyuta inaweza kuishiwa nafasi. Ndipo tunapokata: kumbukumbu inaendelea mbele kama kawaida, ila kosa linarudi hatua 20 tu, halafu linasimamishwa. Katika PyTorch mkasi wenyewe ni mstari mmoja:

```
h = h.detach()
```

Mkasi huu una bei yake. Tungekata baada ya hatua moja katika mfano wetu, tungepata −0.375, nusu ya jumla ya kweli. Mtandao maarufu alioueleza Jeffrey Elman mwaka 1990 ulijifunza hivyohivyo, kosa likiishia hatua moja nyuma. Kwa w wa 0.5 na dirisha la hatua 20, kinachopotea ni kidogo mno, kwa sababu kosa lililopitia w mara 20 limebaki chini ya sehemu moja ya milioni. Lakini w ukiwa 1 kosa halipungui hata kidogo, na chochote kilichotokea kabla ya dirisha hakipati lawama inayokistahili. Mtandao unaweza kukikumbuka, lakini haufundishwi kukikumbuka.

Njia ya kupima ni rahisi: hesabu jumla ya lawama kwa dirisha la 20, kisha la 40. Zikipishana sana, umekata karibu mno.