Ngozi ya mamba: soma tagi na kibali kabla hujatoa hela

Leo naacha kidogo kuku na nyanya. Kijana mmoja kati yenu alinitumia picha mbili kwenye WhatsApp: moja ya tagi iliyofungwa kwenye ngozi ya mamba, nyingine ya nakala ya kibali. Muuzaji amemwambia kuna ngozi 60 kutoka Zambia, karatasi zote zipo, bei ya kutupa, wachangishane watu watatu wazipeleke kwa mnunuzi Italia. Akaniuliza, "Afisa, nitume hela au nisitume?"

Tuanze na tagi, kwa sababu mkaguzi naye huanzia hapo.

Biashara ya mamba kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mamba wetu wa Tanzania yuko kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, maana yake biashara inaruhusiwa lakini kwa kibali. Wanaotoka porini wana ukomo wa 1,600 kwa mwaka, wakiwemo wa uwindaji wa kitalii, na wanaofugwa kutokana na mayai yaliyokusanywa porini hawamo kwenye hesabu hiyo. Kila ngozi inayotoka nchini ilikopatikana inatakiwa iwe na tagi yake. Tagi hiyo inajifunga yenyewe na haifunguki bila kukatwa. Tena inatengenezwa ivumilie joto na dawa za kiwandani, kwa hiyo ngozi ikishalainishwa bado unaisoma.

Kwenye tagi kuna vitu vinne: herufi mbili za nchi, herufi tatu za aina ya mamba, namba ya pekee, na mara nyingi mwaka. Mpangilio hutofautiana nchi na nchi. Ile ya kwenye picha ilikuwa hivi (namba nimezibadilisha):

```
ZA NIL 0018842 22
```

NIL ni mamba wa Nile, huyu huyu wetu. 22 ni mwaka 2022. Sasa angalia ZA. Wengi wakiona Z na A wanasoma Zambia. Siyo. Zambia ni ZM. ZA ni Afrika Kusini. Herufi hizi ni za orodha ya kimataifa ya ISO na hazifuati jinsi tunavyotamka jina la nchi. Zimbabwe ni ZW, Tanzania TZ, Kenya KE, na Kongo ya Kinshasa ni CD wakati ya Brazzaville ni CG. Ukiwa na mashaka tafuta orodha kwenye simu, ni dakika moja.

Lakini hapo bado hatujamwita mtu mwizi. Ngozi inaweza kuzaliwa Afrika Kusini, ikanunuliwa na kampuni ya Zambia kihalali, halafu ikauzwa tena nje. Herufi za kwenye tagi zinataja nchi ya asili, yaani mamba alipotoka. Hazitaji nchi iliyopakia mzigo wa mwisho. Ngozi ikipita nchi tatu, tagi ile ile ya kwanza inabaki, mpaka ngozi itakapokatwa vipande kiwandani. Hapa ndipo wafanyabiashara wageni wanapochanganya sana, wanadhani kila nchi inaweka ya kwake. Ikitokea tagi ya asili imepotea, nchi inayosafirisha tena inaweza kuweka tagi nyingine inayoonyesha ni ya kusafirisha tena, na mkaguzi anaijua tofauti.

Kwa hiyo tukaenda kwenye karatasi. Namba ya kibali ilikuwa 23ZM000417. Nchi nyingi hufuata mtindo huo unaopendekezwa na CITES: tarakimu mbili za mwaka, herufi mbili za nchi iliyotoa kibali, kisha namba ya mfululizo. Kibali kinadai kimetolewa Zambia mwaka 2023. Sawa. Ila juu kabisa, kisanduku cha kwanza, alama ya vema ilikuwa kwenye "kusafirisha nje", siyo "kusafirisha tena". Na kisanduku cha 12, ambacho ndicho cha nchi ya asili, kilikuwa na ZM.

Hapo sasa karatasi na tagi zinapingana. Kama ngozi ni ya Afrika Kusini na imepitia Zambia, ilitakiwa kuwa cheti cha kusafirisha tena, na kisanduku cha 12 kiandikwe ZA pamoja na namba na tarehe ya kibali cha kwanza cha Afrika Kusini. Namba hiyo ndiyo kamba anayoifuata mkaguzi: anaishika Italia, anaivuta mpaka ofisi ya CITES ya Zambia, na kutoka hapo mpaka ile ya Afrika Kusini, akiuliza kila ofisi kama iliitoa kweli, kwa ngozi ngapi. Bila namba hiyo kamba imekatika.

Nikamwambia aangalie na idadi. Kibali kilisema ngozi 40, muuzaji ana 60. Tena kibali cha kusafirisha nje hakizidi miezi sita, na hiki kilikuwa kimeisha zamani. Kisanduku cha 14, ambako ofisa wa mpakani huandika idadi iliyotoka kweli na kugonga muhuri, kilikuwa cheupe. Mimi kisanduku hicho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha kama mzigo ulitoka au karatasi ilitoka peke yake.

Mwisho nikamwomba picha ya tagi kwa karibu, sehemu ya kufuli. Tagi iliyotumika mara ya pili huwa na alama ya kisu, gundi, au ulimi uliochubuka. Yake ilikuwa safi. Kwa hiyo inawezekana tagi ni halisi kabisa na ngozi ni halisi, ila kibali ni cha mzigo mwingine. Kwa mnunuzi matokeo ni yale yale: mzigo unazuiwa, na hela yako imeshaenda. Hakutuma.

Msije mkaogopa kila kosa, lakini. Mzigo mkubwa una mamia ya namba, na karani kukosea tarakimu moja ni kawaida. CITES yenyewe imeelekeza kwamba tagi na kibali zisipolingana, nchi inayopokea iwasiliane mara moja na iliyotuma, na ikionekana ni kosa la kweli la uandishi, zifanyike juhudi wahusika wasiadhibiwe. Ndiyo maana anayefuga mwenyewe anatakiwa kuwa na daftari: tagi namba fulani, mamba wa bwawa fulani, upana wa ngozi tumboni kwa sentimita, tarehe ya kuchinja. Ofisi ya wanyamapori ikiulizwa, wewe unafungua ukurasa.

Kuna mmoja aliuliza kuhusu mikia na miguu. Hivyo havifungwi tagi kimoja kimoja. Vinawekwa kwenye chombo kinachoonyesha ndani, kinafungwa kwa tagi moja, na nje kunaandikwa kilichomo na uzito wote. Mkoba uliokwisha kushonwa hauna tagi. Kwa huo mkaguzi anabaki na karatasi tu, kwa hiyo ukinunua mkoba nje ya nchi, omba karatasi yake dukani kabla hujaondoka.